Kikao cha Dakika Kumi Yadini: Uchovu wa Dereva wa Basi la Mbali

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa safari, yule anayesimama yadini saa 11 alfajiri mabasi yakiwa yanapashwa moto, madereva wanatafuta chai, na kondakta anahesabu mizigo kwenye buti. Muda ulio nao ni dakika kumi tu. Ukizidisha hapo hakuna atakayekusikiliza, na basi litachelewa kuingia kituoni.

Nimechukua safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya, kilomita 830 hivi, madereva wawili, basi linaondoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi saa 12 asubuhi. Masharti ya LATRA yanataka safari inayozidi saa 8 iwe na madereva wawili, kwa hiyo kuwa nao wawili si hiari. Kilichobaki mikononi mwako ni kupanga nani anashika usukani wapi, na kabla ya hapo, kujua kila mmoja amelala kiasi gani.

Uamuzi wote wa uchovu unapaswa kufanyika yadini. Dereva aliyekwisha kusinzia hawezi kujipima, kwa sababu ubongo anaoutumia kujiuliza kama amechoka ndio huohuo uliochoka. Atasema "nitafika Iringa nipumzike", na atakuwa anaamini anachosema. Basi tusimwachie swali hilo akiwa barabarani.

Hatua ya kwanza: uliza saa, usiulize hali (dakika mbili)

Ukimuuliza dereva "umelala vizuri?" atajibu "vizuri, mkubwa", hata kama amelala juu ya benchi la stendi. Ni kama salamu, na salamu hujibiwa kwa neno jema. Uliza hivi: "Jana ulilala saa ngapi? Umeamka saa ngapi? Na usiku wa juzi?" Jibu liwe la saa. Liandike kwenye daftari la safari mbele ya jina lake, mbele yake.

Kisha fanya hesabu palepale. Aliyelala chini ya saa 5 katika saa 24 zilizopita hapandi kuendesha leo, hata kama anacheka na macho yake meupe. Aliyelala chini ya saa 12 kwa jumla katika saa 48 naye vivyo hivyo, kwa sababu deni la usingizi la juzi halifutwi na usiku mmoja. Aliyelala saa 5 au 6 anaweza kwenda, lakini apewe zamu fupi, na isiwe ya usiku.

Ugumu wa hatua hii uko kwenye mfuko. Posho inalipwa kwa safari, na asiyesafiri halipwi. Ukiweka kanuni kwamba aliyesema kweli anarudi nyumbani mikono mitupu, kuanzia wiki ya pili madereva wako wote watakuwa wamelala saa 7 kamili. Zungumza na mwenye kampuni mapema: dereva aliyezuiwa kwa kukosa usingizi apewe safari ya kesho yake, na leo apewe kazi ya yadini yenye malipo. Kampuni isiyoweza kulibeba hilo isijidanganye kwamba ina daftari la usingizi. Ina daftari la uongo.

Halafu kuna deiwaka. Dereva wako akiugua saa 10 usiku, unampigia mtu anayeshinda stendi akisubiri kuitwa, naye anakuja mbio. Huyo ndiye wa kuulizwa kwa ukali kuliko wote. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, deiwaka anaweza kuwa ameshuka kwenye basi jingine saa moja iliyopita. Muulize safari yake ya mwisho ilikuwa ipi, na iliingia saa ngapi. Kwenye mfumo wa LATRA wa kufuatilia mabasi, dereva hujitambulisha kwa kitufe chake, kwa hiyo ukiona anasitasita kutumia kitufe chake mwenyewe, huyo mwache.

Swali la mwisho katika hatua hii ni dawa. Vidonge vya mafua na mzio vya aina ya piritoni huleta usingizi, na watu wengi huvinywa usiku bila kufikiri kwamba asubuhi bado vimo mwilini. Aliyevinywa jana usiku asianze zamu ya kwanza. Mirungi tusiijadili: ni haramu Tanzania, na inachofanya ni kuficha uchovu hadi unapomwangukia mtu kwa mara moja.

Hatua ya pili: taja vituo na mahali pa kupokezana (dakika tatu)

Kuna nyakati mbili ambapo mwili wa binadamu unataka kulala, awe amekula au hajala. Ya kwanza na kali zaidi ni kuanzia saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri. Ya pili ni mchana, kati ya saa 7 na saa 9. Ya mchana wengi huilaumu ugali, na ni kweli sahani nzito huiongeza nguvu, lakini ingekuja hata bila ugali.

Sasa iweke hiyo juu ya ramani. Basi likitoka Mbezi saa 12 asubuhi na barabara ikiwa njema, Msamvu mjini Morogoro linaingia saa 3. Hapo dakika 15, abiria wachimbe dawa, dereva ashuke na atembee. Mikumi mjini linafika kama saa 5 na robo. Baada ya hapo inakuja Ruaha Mbuyuni, kisha mlima Kitonga, kisha Ilula na Iringa. Kwa mwendo huo basi linapanda Kitonga karibu na saa 7 mchana, yaani mwili unapoanza kuvuta shuka, kwenye kona za kupanda zenye malori yanayotambaa na watu wanaojaribu kuyapita.

Mazoea ya wengi ni kula njiani karibu na Ruaha Mbuyuni, kisha dereva yuleyule apande mlima akiwa ameshiba, na kupokezana kufanyike Iringa. Mimi nasema pokezaneni Mikumi mjini, dakika 30, chakula chepesi. Dereva wa kwanza atakuwa amekaa kwenye usukani saa 5. Dereva wa pili anaondoka Mikumi saa 6 kasoro robo akiwa hajachoka, anapita Kitonga, anasimama dakika 15 Ipogolo chini ya mji wa Iringa saa 9 alasiri, anaendelea Mafinga, na anafika Makambako saa 12 jioni. Hizo ni kama saa 6 za kuendesha. Makambako wanapokezana tena, dereva wa kwanza anamalizia hadi Mbeya kwa saa 2 na dakika 45. Jumla yake inakuwa saa 7 na dakika 45. Wote wawili wako chini ya saa 8, ambao ndio ukomo wa kumpa dereva mmoja katika siku moja. Kenya wameuandika hivyo kwenye kanuni zao za mwaka 2014 za magari ya abiria.

Mpango huu una tundu moja, na ukiliona ndipo utajua kwa nini kikao hiki kipo. Dereva wa kwanza, ili awe yadini saa 11 alfajiri, ameamka saa 9 usiku. Akishika usukani Makambako saa 12 jioni amekuwa macho saa 15, na akiingia Mbeya karibu saa 3 usiku amekaribia saa 18. Mtu aliyekaa macho saa 17 huendesha kama mwenye gramu 0.05 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Hajanywa, hanuki, lakini mikono yake imechelewa. Kwa hiyo saa zake za katikati, kati ya Mikumi na Iringa, ni za kulala, si za kupiga stori na kondakta pale mbele. Mwambie yadini mbele ya wote: "Kuanzia Mikumi wewe ni abiria. Unakwenda nyuma, unalala, simu anashika kondakta." Basi likiwa na kitanda cha dereva, kisijazwe vifurushi. Likiwa halina, siti mbili za nyuma zisikatiwe tiketi. Kampuni itanung'unika kuhusu nauli za siti hizo, na hapo msimamizi anapimwa.

Ongeza neno moja kwa kondakta: anayelala aamshwe dakika 20 kabla ya kupokea usukani. Mtu akitoka kwenye usingizi mzito, kichwa hukaa na ukungu kwa muda, na Makambako jioni giza linaingia, kuna malori ya Tunduma, na mara nyingi kuna baridi na ukungu wa kweli.

Hatua ya tatu: ratiba ikiharibika, nani anaamua (dakika moja)

Foleni ikishika kati ya Kibaha na Mlandizi, saa moja inapotea kabla hata jua halijapanda. Saa hiyo inahesabiwa, kwa kuwa kukaa kwenye foleni na mguu kwenye klachi ni kuendesha. Sasa dereva wa kwanza anafika Mikumi akiwa na saa 6. Akimalizia kutoka Makambako atakuwa na saa 8 na dakika 45, amezidi. Ukimwachia wa pili amalize hadi Mbeya, naye anafika saa 8 na dakika 45, kazidi vilevile.

Jibu lake ni kusogeza mahali pa kupokezana. Dereva wa pili apite Makambako, aendelee kama saa moja hadi Igawa, wapokezane hapo. Yeye anakuwa na saa 7, mwenzake anamalizia saa 7 na dakika 45. Hesabu hii ni ndogo, lakini haifanyiki kichwani mwa mtu aliyechoka saa 12 jioni. Iandike yadini kwenye karatasi ya safari: "Tukichelewa saa moja, tunapokezana Igawa. Tukichelewa zaidi ya hapo, piga simu kabla ya Iringa." Anayepiga simu ni kondakta. Na wewe unayepokea hiyo simu usiseme "jitahidini". Kabla basi halijatoka, uwe unajua ni dereva gani aliye Iringa au Makambako anayeweza kupokea, au uwe tayari kuwalaza abiria.

Muda uliopotea haufidiwi kwa mwendo. Ukomo wa basi ni kilomita 80 kwa saa, na aliyechoka akikimbia anakutana na tuta akiwa amechelewa kuliona.

Hatua ya nne: dalili, na anayeziona kwanza (dakika tatu)

Dalili anazozijua kila mtu ni miayo na macho kuwasha. Hizo ni za mapema, na ndizo nafasi yako nzuri ya kusimama kwa amani. Zinazofuata dereva mwenyewe haziongelei kwa sababu hazioni: mwendo unashuka hadi 65 kisha unaruka hadi 85 bila sababu, gia inachelewa, anayumba kidogo na kurekebisha kwa ghafla, tairi linapanda kingo ya lami, taa kali hazishushwi gari linapokuja mbele. Halafu kuna ile ya kutisha kuliko zote kwa utulivu wake: amevuka kijiji na hakumbuki kukivuka.

Baada ya hapo ni kichwa kudondoka, au usingizi wa sekunde chache macho yakiwa wazi nusu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, basi linakwenda mita 22 kila sekunde. Usingizi wa sekunde 4 ni karibu mita 90 bila dereva, zaidi ya urefu wa mabasi saba yaliyopangwa kwa mstari.

Anayeziona dalili hizi kwanza ni kondakta, kwa hiyo maneno haya mwambie yeye, dereva akisikia. Kazi yake si kuuliza "umechoka, kaka?" Atajibiwa "niko poa". Aulize jambo linalohitaji kukumbuka: "Kaka, Doma tumeshaipita?" au "Yule trafiki wa mwisho tulimkuta wapi?" Jibu likija moja kwa moja, sawa. Likichelewa, likija na kosa, au dereva akikasirika bila sababu, hakuna mjadala wa pili: basi linasimama mahali salama pa karibu.

Hapa lazima mamlaka yatamkwe kwa sauti, maana kwenye mabasi yetu kondakta mara nyingi ni kijana na dereva ni mzee wake, na kijana hawezi kumwambia mzee asimame. Sema hivi mbele ya wote wawili: "Mzee, kijana akisema tusimame, ni mimi nimesema. Kama kuna ugomvi, mtagombana na mimi mkirudi." Sentensi hiyo isiposemwa alfajiri, mchana kondakta atakaa kimya na kushika vyuma vya siti.

Mahali salama nako kutajwe. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inapita kama kilomita 50 za wanyama, hapasimamwi kwa kupumzika. Kwa hiyo ukitoka Morogoro, uamuzi ufanyike Doma kabla ya kuingia, la sivyo unasubiri hadi Mikumi mjini. Kitonga vilevile: simama Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda, au Ilula baada ya kumaliza. Anayeanza kusinzia katikati ya hifadhi alikuwa amesinzia tangu Doma.

Hatua ya tano: mkisimama, fanyeni nini (dakika moja)

Kufungua dirisha, kupandisha redio, kunawa uso na kutafuna karanga kunasaidia kwa dakika chache tu. Kinachoondoa usingizi ni usingizi. Dereva anywe kikombe cha kahawa, alale palepale dakika 15 hadi 20, saa ya simu ikiwa imewekwa. Kahawa inachukua karibu nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo akiamka inamkuta njiani. Asipitishe dakika 20, kwani zaidi ya hapo anaingia kwenye usingizi mzito na kuamka mlevi wa usingizi. Akiamka ashuke, azunguke basi, aguse tairi moja moja, ndipo apande.

Hiyo ya dakika 20 ni ya kumfikisha kwa mwenzake au kwenye kituo cha karibu, si ya kumalizia safari. Na kahawa ya saa 12 jioni Makambako ina gharama yake: hukaa mwilini saa nyingi, na usiku huo huo dereva anatakiwa alale Mbeya. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni kahawa ileile yenye sukari nyingi, hesabu ni moja.

Abiria waambiwe ukweli. Kondakta akitangaza "dereva anapumzika dakika 20, tunaondoka saa fulani", watu hununua mahindi na kutulia. Wakifichwa, wanaanza kupiga kelele dirishani, na dereva halali.

Baada ya kikao: safari ya kurudi

Hii haisemwi kwenye zile dakika kumi, lakini ndiyo inayoharibu zile kumi za kesho. Basi likiingia Mbeya karibu saa 3 usiku, na ratiba ikisema linarudi saa 12 asubuhi, kati yake kuna saa 9. Ondoa kushusha mizigo, ripoti, kula, kuoga, njia ya kwenda gesti na kurudi, na kuamka saa 10 alfajiri. Kinachobaki ni usingizi wa saa 4 na nusu au 5, na kwa hesabu ya hatua ya kwanza mtu huyo yuko ukingoni au amekwisha kuzuiwa. Kama kampuni ina timu mbili, aliyeleta basi asilirudishe asubuhi hiyo. Lirudi na timu iliyolala Mbeya.

Ikiwa timu ni moja tu, sukuma ratiba ya kurudi mbele kwa saa kadhaa. Kama hata hilo haliwezekani, angalau geuza zamu. Aliyemalizia safari usiku ndiye aliyechelewa kulala, hivyo asianze. Aanze yule wa pili, aliyeachia usukani Makambako na kupumzika hadi Mbeya, aendeshe hadi Ilula. Mwenzake amelala nyuma tangu Uyole, anaamshwa dakika 20 kabla ya Ilula, anakula kidogo na kupokea hapo, kwa sababu baada ya Ilula kuna Kitonga, na safari hii ni ya kuteremka. Gia nzito iingizwe juu kabla mteremko haujaanza, retada iwe imefunguliwa, breki ya mguu iachwe kwa dharura. Msimamizi wa Mbeya naye awaulize saa walizolala, aandike, kisha apige simu Dar es Salaam na kuzisoma.